grep ilinionyesha mistari 57, sed ikabadilisha 63. Kuchungulia kwangu kulikosea wapi?

#1 Karani_Mvita
Habari za asubuhi wanajamvi. Ofisini tuna folda ya violezo vya karatasi za mizigo. Bandari yetu ya Mombasa imeandikwa humo kwa kifupi cha MSA, na sasa inatakiwa isomeke KEMBA kila mahali. Nilifanya kama ninavyoshauriwa humu siku zote: chungulia kwa grep kwanza, ukiridhika ndipo uipe sed. Nilitoa nakala ya folda asubuhi (violezo.zamani), nikachungulia hivi:

```
grep -rnw 'MSA' violezo/ 2>/dev/null | wc -l
```

Ikasema 57. Nikaipitia mistari yote mmoja mmoja, nikahesabu na faili zake, zikawa 23. Yote ilikuwa sawa. Baada ya chakula cha mchana nikapiga:

```
find violezo -type f -exec sed -i 's/\bMSA\b/KEMBA/g' {} +
```

Sasa nikilinganisha na nakala, `diff -rq` inataja faili 27 zilizobadilika, na `diff -r violezo.zamani violezo | grep -c '^>'` inatoa 63. Faili nne na mistari sita zimetoka wapi? Ni Ubuntu 22.04, grep 3.7. Sipendi kukabidhi kazi ambayo hesabu yake haifungi.

#2 KijanaWaNyali
Hilo jepesi kaka. grep huhesabu mistari, haihesabu maneno. Mstari wenye MSA mara mbili kwake ni mmoja, lakini sed yenye `g` inabadilisha zote mbili. Ukitaka idadi ya kweli weka `-o`, kila neno litoke kwenye mstari wake.

#3 FundiWaTudor
@KijanaWaNyali ulilosema ni kweli lenyewe, ila halijibu swali. diff nayo inahesabu mistari. Mstari wenye MSA mbili utaonekana mara moja kwa grep na mara moja kwa diff. Tena maneno mawili kwenye mstari mmoja hayawezi kuongeza faili nne.

Karani, kabla hatujafika mbali: ile `2>/dev/null` uliiweka ya nini?

#4 Baharia_Shimanzi
Samahani nikiingilia, kwani kifupi cha Mombasa si MBA? Tiketi za ndege zote zimeandikwa MBA. Hiyo KEMBA mmeitoa wapi?

#5 Bi_Kibokoni
Baharia, MBA ni ya uwanja wa ndege. Kwenye karatasi za bandari hutumika msimbo wa Umoja wa Mataifa wenye herufi tano: mbili za nchi, KE, na tatu za mahali, MBA. Ukiziunganisha unapata KEMBA. MSA ni kifupi chetu wenyewe cha mtaani, mifumo ya nje haikitambui. Karani yuko sawa kwenye hilo.

#6 Karani_Mvita
@FundiWaTudor kuna folda ndogo mbili za mhasibu ambazo sina ruhusa nazo. Kila nikipiga grep skrini inajaa "Permission denied", ndiyo nikazinyamazisha.

#7 Mjomba_Kongowea
Basi jibu ndilo hilo! Hizo folda za mhasibu grep haikuziona, sed ikaziingia.

#8 FundiWaTudor
Hapana mjomba. Kama grep yake haikuweza kuzisoma, na sed yake haikuweza, kwa kuwa ni mtumiaji yuleyule. sed inahitaji kusoma faili kabla haijaandika, na tena inahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda yenyewe, maana `-i` hutengeneza faili jipya pembeni kisha huliweka mahali pa lile la zamani. Ingekuwa amepiga sed kwa sudo, hapo ningekukubalia. Karani, ulipiga kwa sudo?

#9 Karani_Mvita
Bila sudo.

#10 FundiWaTudor
Vizuri. Basi mimi naishuku hiyo `2>/dev/null` kwa sababu nyingine kabisa. Tangu toleo la 3.5, grep inapokutana na faili isiyoiona kuwa ya maandishi, ule ujumbe wa "binary file matches" haupitii tena njia ya matokeo, unapitia njia ya makosa. Zamani ulikuwa unaingia kwenye bomba pamoja na mistari mingine, `wc` inauhesabu, walau unajua kuna kitu. Kwako wewe umeingia shimoni pamoja na "Permission denied". Kwa hiyo faili kama hizo hazikuonekana, hazikuhesabiwa, wala hukupata onyo. Lakini sed haina habari na tofauti ya maandishi na kisicho maandishi. Ikipewa faili, inafungua na kubadilisha.

Rudia kuchungulia juu ya nakala, usiguse kitu kingine, na mara hii acha makosa yaonekane:

```
grep -rnw 'MSA' violezo.zamani/ | cat > /dev/null
```

Hapo mistari yenyewe inatupwa, yanabaki malalamiko tu.

#11 Chumvi_Bamburi
Mimi naona mnakwenda mbali. Kama ndani ya folda mna `.git`, find imeingia humo na sed imebadilisha vitu vya ndani. Ndipo faili za ziada zinapotoka. Tumia `git grep`, hiyo inatafuta kwenye faili zinazofuatiliwa tu.

#12 Bi_Kibokoni
Chumvi, `grep -r` nayo huingia `.git` bila kuulizwa. Kuchungulia na kubadilisha vyote vingekuwa vimeingia humo. Hatari uliyoitaja ipo kweli na inaharibu hazina nzima, lakini haielezi kwa nini hesabu mbili zipishane.

#13 Karani_Mvita
Hatuna git. Ni folda ya pamoja tu, watu wanne wanaitumia.

Matokeo ya #10, ukitoa zile za mhasibu:

```
grep: violezo.zamani/kivuko.txt: binary file matches
grep: violezo.zamani/abiria_kale.txt: binary file matches
grep: violezo.zamani/ghala2.txt: binary file matches
grep: violezo.zamani/fomu_tupu.pdf: binary file matches
```

Lakini hizo tatu za juu ni maandishi matupu! Nimezifungua, zinasomeka. Na ghala2.txt niliiona kwenye kuchungulia kwangu, mstari wa 12 ulitoka vizuri.

#14 KijanaWaNyali
Itakuwa zimeandikwa kwa Windows. Zile alama za mwisho wa mstari za Windows ndizo zinazoichanganya grep.

#15 FundiWaTudor
Kijana, Windows umepatia, sababu siyo. Alama ya `\r` mwishoni mwa mstari haimfanyi grep aseme faili si ya maandishi. Inaleta tabu nyingine: ruwaza inayoishia na `$`, kwa mfano `MSA$`, haitashika, kwa sababu kati ya A na mwisho wa mstari kuna `\r`. Karani hakutumia `$`, kwa hiyo hilo halimhusu.

Kinachomhusu ni usimbaji wa herufi. Karani, tafuta mistari mibovu ndani ya ghala2 hivi:

```
grep -naxv '.*' violezo.zamani/ghala2.txt
```

Maana yake ni "nionyeshe mistari ambayo hata nukta-nyota haiwezi kuifunika yote". Nukta haishiki baiti isiyo halali kwa UTF-8, kwa hiyo mstari wenye baiti ya namna hiyo ndio unaobaki. Ukiupata, uchapishe kwa `l` ya sed uone kilichomo.

#16 Karani_Mvita
Imetoka miwili, wa 31 na wa 40. Nimefanya `sed -n '31l'`:

```
MIZIGO YA NG\222AMBO: MSA - LIKONI\r$
```

#17 Bi_Kibokoni
Ndiyo hiyo. \222 ni namba ya msingi wa nane, kwa heksa ni 92. Kwenye usimbaji wa zamani wa Windows, CP1252, baiti hiyo ni ile koma ya juu iliyopinda. Programu za kuandikia za Windows huibadilisha koma iliyonyooka kuwa iliyopinda zenyewe, nasi Kiswahili chetu tuna ng' kila mahali: ng'ambo, ng'ombe, king'ora, ving'amuzi. Kwa UTF-8 baiti 92 ikiwa peke yake si herufi. Basi grep inapotaka kuuchapisha mstari huo na kuikuta, inauacha bila kuuchapisha na kusema faili ni ya baineri.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Haizimi faili lote. Inazima mistari yenye baiti mbovu tu, na iliyo safi inachapishwa kama kawaida, hata ikiwa chini yake. Karani, angalia kama na wa 40 una MSA.

#18 Karani_Mvita
Unao. Na koma iliyopinda imo vilevile. Haukutoka kwenye kuchungulia kwangu, na sed imeubadilisha.

#19 FundiWaTudor
Basi ghala2 peke yake imekupa mistari miwili kati ya sita. Wa 12 ulitoka kwa sababu ni msafi, wa 31 na wa 40 ikazimwa kwa sababu ni mibovu. Kwenye kivuko na abiria_kale inaonekana kila mstari wenye MSA ni mbovu, ndiyo maana faili zenyewe hukuziona kabisa. Hesabu upya kwenye nakala ukiwa umeweka `LC_ALL=C` mbele. Kwa mpangilio huo kila baiti ni halali, grep haina cha kulalamikia isipokuwa faili yenye baiti ya sifuri ndani.

```
LC_ALL=C grep -rnw 'MSA' violezo.zamani/ | wc -l
```

#20 Karani_Mvita
62! Na faili 25.

Kwa hiyo 57 zimekuwa 62: mbili za ghala2, mbili za kivuko, moja ya abiria_kale. Faili 23 zimekuwa 25, ukiongeza ile PDF zinakuwa 26. Bado diff inasema mistari 63 na faili 27. Umebaki mstari mmoja na faili moja.

#21 Mjomba_Kongowea
Mimi niko kwenye Mac, na hiyo amri ya sed haikubali kabisa. Nimejaribu kwenye folda kama hiyo, inasema `invalid command code v`. Hiyo v nimeiandika wapi? Labda na Karani tatizo ni toleo la sed.

#22 Chumvi_Bamburi
Mjomba, sed ya Mac baada ya `-i` inangoja neno la kuongeza kwenye jina la nakala. Ulipoandika `-i` kisha ruwaza, ikaichukua ruwaza kama hilo neno, halafu jina la faili lililofuata ikalisoma kama amri. Jina linaanza na "violezo", amri ya v haipo. Andika `-i.bak` ikiwa imeshikana, bila nafasi. Hiyo inafanya kazi Mac na Linux, na nakala ya kila faili inabaki pembeni. Lakini Karani yuko Ubuntu, kwake halipo hilo.

#23 Mjomba_Kongowea
Imekubali. Shukran.

#24 KijanaWaNyali
Kwa ule mstari uliobaki: labda KEMBA ilikuwepo tangu zamani mahali fulani.

#25 Bi_Kibokoni
Ingekuwa amehesabu KEMBA baada ya kazi, ningesema ndiyo. Lakini amehesabu tofauti kwa diff, na mstari uliokuwa na KEMBA tangu mwanzo hautofautiani na nakala yake. Hata hivyo Karani, hebu itafute KEMBA kwenye nakala. Hilo lilipaswa kufanywa kabla ya kubadilisha, na kwa maoni yangu lina uzito sawa na kutafuta MSA. Ikiwa neno jipya lilikuwamo tayari, basi huwezi kurudi nyuma kwa kugeuza sed, yaani KEMBA iwe MSA, kwa sababu utazigeuza na zile ambazo hazikuwahi kuwa MSA.

#26 Karani_Mvita
Zipo mbili, zote kwenye maelekezo.txt. Kumbe nakala ndiyo imeniokoa, nilikuwa nafikiria kurudisha kwa sed ya kinyume.

#27 Mtoto_wa_Majengo
Mimi nina swali la pembeni. `-w` ya grep na `\b` ya sed ni kitu kimoja kweli? Labda ule mstari mmoja umeponyoka hapo.

#28 FundiWaTudor
Kwa neno kama MSA, lenye herufi mwanzo na mwisho, yanashika sawasawa. Yanapishana ruwaza ikianza au kuishia na alama. Chukua `-MSA`. Kwa grep `-w`, kabla ya hicho kistari pasiwe na herufi. Kwa `\b-MSA\b`, kabla ya kistari lazima pawe na herufi, kwa sababu mpaka wa neno unatakiwa uwe na herufi upande mmoja. Ni kinyume kabisa. Kwa hiyo mimi ruwaza ninayochungulia nayo huwa ndiyo hiyohiyo, herufi kwa herufi, ninayoipa sed. Naandika `\bMSA\b` pote pawili, `-w` naiacha.

#29 KijanaWaNyali
Mimi naona salama zaidi ni `grep -F`. Inatafuta maandishi kama yalivyo, hakuna alama za ajabu, huwezi kukosea.

#30 FundiWaTudor
Hapo nakupinga, shekhe. `-F` ni nzuri ukitafuta tu. Ukichungulia kwa ajili ya sed inakudanganya, maana sed haina `-F`. Kwa MSA hutaona tofauti kwa kuwa haina alama. Lakini chukua anwani ya seva, `10.0.1.5`. grep `-F` itakuonyesha yenye nukta halisi tu. sed itasoma kila nukta kama "herufi yoyote", na itashika hata `10.0.145` kama ipo. Kuchungulia kumekuonyesha kidogo, kubadilisha kumechukua zaidi. Na zote mbili, kwa vile hakuna mpaka mwishoni, zitashika mwanzo wa `10.0.1.50`. Ukiwa unaipeleka kwenye `10.0.1.55`, ile ya 50 itageuka `10.0.1.550`.

#31 KijanaWaNyali
Nimekuelewa. Na ukiirudia mara ya pili kwa bahati mbaya, 55 yenyewe inaanza na 5, inakuwa 555.

#32 FundiWaTudor
Barabara kabisa. Hilo sikulitaja, na ni kweli.

#33 Bi_Kibokoni
Karani, tusiisahau PDF. Umeifungua fomu_tupu.pdf baada ya sed?

#34 Karani_Mvita
Inafunguka, ila programu moja ya kusomea inaleta onyo kwamba faili imeharibika na inatengenezwa. MSA ilikuwa kwenye kichwa cha hati, kwenye taarifa za ndani.

#35 Bi_Kibokoni
Irudishe kutoka kwenye nakala, usiikubali hivyo. Ndani ya PDF mna jedwali linalosema kila kipande kinaanza baiti ya ngapi. MSA ni baiti tatu, KEMBA ni tano. Kila palipobadilishwa, vyote vilivyo chini yake vimesogea baiti mbili, na jedwali halijui. Programu nyingine za kusomea huunda jedwali upya kimyakimya, nyingine hulalamika, na mashine ya kuchapisha inaweza kukataa. Kwa docx na xlsx hali ni tofauti: hizo ni zipu, maneno yamebanwa ndani, kwa kawaida grep haioni kitu na sed haibadilishi kitu. Mtu anadhani amemaliza kumbe violezo vya docx bado vinasema MSA.

Kwa hiyo orodha ya faili ifungwe kwa aina tangu mwanzo. Hapa `--include='*.txt'` ingetosha, na orodha hiyohiyo ndiyo ipelekwe kwa sed. Kosa kubwa kuliko koma iliyopinda, kwa jinsi ninavyoliona mimi, ni hili: grep ilichagua faili kwa njia yake, na find ikachagua kwa njia yake. Haya yalikuwa majaribio mawili ya vitu viwili.

#36 FundiWaTudor
Nakubaliana, ila kwa mpangilio mwingine. Hata angefunga kwa .txt, zile tatu za Windows zingebaki zimefichika. Kwangu usimbaji ndio kosa la kwanza.

#37 Chumvi_Bamburi
Si angeweka `-I` tu, faili zisizo maandishi zirukwe, na sed ipewe orodha iliyobaki?

#38 FundiWaTudor
Kwa PDF ingefaa. Kwa ghala2 ingekuwa balaa nyingine, kwa sababu `-I` nayo inauzima mstari wenye baiti mbovu, na hata onyo haitoi. kivuko na abiria_kale zisingeonekana kwenye kuchungulia, na mtu asingejua. Ukiweka `-a` unapata kinyume chake: zote zinachapishwa, hadi takataka za PDF kwenye skrini. Kwa folda hii ningechukua `LC_ALL=C` pamoja na `--include`.

#39 Bi_Kibokoni
Mimi ningezigeuza hizo tatu ziwe UTF-8 kwanza kwa `iconv -f CP1252 -t UTF-8`, kisha hata hiyo `LC_ALL=C` isingehitajika. Vinginevyo mwezi ujao atakuja mwingine aanguke shimo lilelile.

#40 FundiWaTudor
Bi, na kama programu iliyozitoa bado inazisoma kwa CP1252? Ukizigeuza, NG'AMBO itasomeka na herufi tatu za ajabu kwenye karatasi ya mteja. Mpaka ajulikane anayezisoma mimi sizigusi.

#41 Mtoto_wa_Majengo
Na je, maneno ambayo MSA ni sehemu yake? Msafirishaji, msaada, msajili. Karani aliyakwepa kwa `-w`, lakini alijuaje kwamba kati ya hayo aliyoyakwepa hakuna linalotakiwa kubadilishwa?

#42 Bi_Kibokoni
Swali zuri sana, na ndilo ambalo kuchungulia kwa kawaida hakulijibu, kwa kuwa unaona yaliyoshikwa, huyaoni yaliyoachwa. Toa orodha ya kila neno lenye MSA ndani yake, pamoja na idadi:

```
LC_ALL=C grep -rhoE --include='*.txt' '\w*MSA\w*' violezo.zamani |
  sort | uniq -c | sort -rn
```

`-o` inatoa neno lenyewe bila mstari, `-h` inaondoa jina la faili ili maneno yafanane na kuhesabika pamoja.

#43 Karani_Mvita

```
     71 MSA
     38 MSAFIRISHAJI
     12 MSAADA
      9 MSA_BANDARI
      3 MSAJILI
      1 HAMSA
```

Hiyo HAMSA ni kwenye stakabadhi, hesabu imeandikwa kwa maneno "HAMSA WA ISHIRINI".

#44 Mjomba_Kongowea
Hamsa wa ishirini! Huyo karani wa zamani alikuwa mtu wa Mji wa Kale hasa. Bila `\b` stakabadhi ingesoma HAKEMBA wa ishirini.

#45 FundiWaTudor
Na 38 za wasafirishaji zingekuwa KEMBAFIRISHAJI. Lakini tazameni mstari wa nne. MSA_BANDARI, tisa. Kwa `-w` na kwa `\b`, ile alama ya `_` ni herufi ya neno kama A au B, kwa hiyo MSA_BANDARI ni neno moja na halikushikwa. Ingekuwa kistari cha kawaida, MSA-BANDARI, lingeshikwa. Karani, hizo tisa ni nini?

#46 Karani_Mvita
Ni jina la sehemu ya kujazwa. Programu ikichapisha karatasi inatafuta MSA_BANDARI na kuweka jina la gati.

#47 Chumvi_Bamburi
Basi zimeponea hapo hapo. Ungelibadilisha, programu isingeipata sehemu yake.

#48 Bi_Kibokoni
Au labda siku moja watataka na hilo libadilike, lakini kwa pamoja na programu. Usilifanye kwa sed peke yake.

Jambo jingine kabla hujarudia. grep itakuonyesha palipo na MSA, haitakuonyesha mstari utakavyokuwa baadaye. Upande wa kulia wa `s///` una mitego yake: alama ya `&` huko ina maana ya "kile kilichoshikwa". Mtu akitaka kuandika BANDARI & GHALA upande wa kulia, atapata BANDARI MSA GHALA, asipoweka `\` mbele ya `&`. Hilo grep haliwezi kulijua. Endesha sed bila `-i`, matokeo yalinganishwe na faili lenyewe:

```
LC_ALL=C grep -rlZ --include='*.txt' '\bMSA\b' violezo/ |
while IFS= read -r -d '' f; do
  LC_ALL=C sed 's/\bMSA\b/KEMBA/g' "$f" | diff -u "$f" -
done | less
```

Hakuna faili linaloandikwa. Ukiridhika, orodha ileile ya grep ndiyo unaipa `xargs -0 -r sed -i`. Hiyo `Z` na `-0` ni kwa majina yenye nafasi, na `-r` ni ili grep isipopata kitu sed isiitwe bila faili.

#49 Mtoto_wa_Majengo
Kwa hiyo grep haina kazi tena, kama diff inaonyesha yote?

#50 Bi_Kibokoni
Ina kazi ya kuchagua faili. Ile find ya Karani iliandika upya kila faili kwenye folda, hata zisizo na MSA. Maneno yake hayakubadilika lakini saa ya kuhaririwa imekuwa moja kwa zote. Wanaotegemea saa hiyo kujua kipi kipya, wamepotea.

#51 Karani_Mvita
Na mimi nimepotea hapo hapo, bi. Nimeipata faili ya 27, ni gati.txt. Nakala ya asubuhi inasema `KITUO:` bila kitu mbele. Sasa inasema `KITUO: KEMBA`. Nilitaka kutazama saa ili nijue nani aliijaza na lini, saa ni ya sed.

#52 KijanaWaNyali
Mwenzako ameandika KEMBA mwenyewe baada ya kusikia mabadiliko.

#53 FundiWaTudor
Au aliandika MSA wakati wa chakula cha mchana, baada ya kuchungulia kwako, na sed ikaigeuza. Hivi viwili huwezi kuvitofautisha kwa faili lenyewe, matokeo ni yaleyale. Kwenye folda ya watu wanne, kuchungulia kwa asubuhi hakutoi habari ya mchana. Nakala, grep na sed vifuatane ndani ya dakika moja, au folda ifungwe kwa muda.

#54 Chumvi_Bamburi
Au nakala ya asubuhi ilikatika katikati ya mtu akihifadhi faili. Hilo nalo hutokea kwenye folda za mtandao.

#55 Karani_Mvita
Wenzangu wawili nimewauliza, wanasema si wao. Wa tatu yuko Kilindini hadi jioni. Kwa sasa nimerudisha folda yote kutoka nakala kwa `cp -a`, gati.txt nimeiweka pembeni mpaka huyo wa tatu arudi. Nimeendesha ile ya #48 bila kuandika: faili 25, mistari 62, PDF haimo, MSA_BANDARI zote tisa ziko palepale. iconv sijaigusa, kwanza namwuliza fundi wa programu ya stakabadhi inasoma usimbaji gani. Ahsanteni nyote.